Kidoleni 6.8, kliniki 8.4: kipimo cha HbA1c kinasema nini, na lengo la 7 ni la nini

Swali

Habari za kazi, washauri. Mimi ni mama wa miaka 52, naishi Tanga, nina kisukari aina ya pili, huu mwaka wa nne. Natumia metformini ya 500, asubuhi moja na jioni moja. Kila nikiamka, kabla sijatia kitu mdomoni, najipima kidoleni. Napata 6.5, 6.8, mara chache 7.1. Wiki iliyopita kliniki walinipima kipimo ambacho sijawahi kupimwa, HbA1c. Karatasi imeandikwa 8.4 %, chini yake 68 mmol/mol, na muuguzi ameandika kwa kalamu "lengo chini ya 7". Sasa mimi asubuhi nina 6.8, si nimeshafika chini ya 7? Na hiyo 68 imeninyima usingizi. Jirani anasema mashine ya maabara ni mbovu, na safari nyingine nisile wanga siku tatu kabla ya kwenda. Naishi na mama yangu mzazi, ana miaka 79, yeye anatumia glibenklamidi na ameambiwa 8 inamtosha. Kwa nini yeye 8 na mimi 7? Niongeze kwamba miezi mitatu iliyopita niliambiwa damu yangu ni pungufu nikapewa vidonge vya madini ya chuma, nikameza wiki mbili nikaacha kwa kuwa vilinifunga choo.

*Msomaji, Tanga*

Jibu

Mama, tuanze na hiyo 68 ili leo ulale. 68 na 8.4 ni jibu moja lililoandikwa kwa vipimo viwili, kama kitambaa kilekile kupimwa kwa yadi kisha kwa mita. Maabara nyingi siku hizi huandika yote mawili. Anayeandikiwa 7 % huona 53 upande wa pili, na anayeandikiwa 8 % huona 64. Kwa hiyo hukupata matokeo mawili, na hiyo 68 haina udugu na 6.8 ya kidoleni ingawa tarakimu zinafanana na neno mmol limo kote kote. Ya kidoleni ni mmol/L, kiasi cha sukari iliyomo katika lita ya damu dakika ile unapojichoma. Ya maabara ni mmol/mol, inayohesabu kitu kingine kabisa.

Tatizo lako kubwa liko kwenye saba, kwa sababu kuna saba mbili. Saba ya kidoleni na saba ya muuguzi si saba moja, na wagonjwa wengi wanaojipima asubuhi tu hujikwaa hapo hapo. Sukari ya asubuhi kabla ya kula inatakiwa iwe kati ya 4.4 na 7.2. Wewe upo humo, na hilo ni jema kweli. Lakini "chini ya 7" aliyoandika muuguzi ni asilimia. Inahesabu ni sehemu ngapi katika mia ya himoglobini yako imeng'ang'aniwa na sukari.

Himoglobini ni ile rangi nyekundu inayobeba hewa ndani ya chembe nyekundu za damu. Sukari inayopita kwenye damu hunata juu yake, na ikishanata vizuri haibanduki hadi chembe ile ife. Wewe kati ya himoglobini 1,000, 84 zimenatwa. Kwa mtu asiye na kisukari huwa chini ya 57.

Fikiria jiko la kuni lililoezekwa makuti. Kila siku moshi unapanda, na makuti yanashika masizi. Ukiinua macho ukatazama paa, huwezi kujua leo asubuhi kuni zilikuwa mbichi au kavu, ila unajua jiko hili kwa miezi kadhaa limekuwa na moshi mwingi au mchache. Kidole kinakuonyesha moshi wa sasa hivi. HbA1c inatazama paa.

Tena paa hili halichakai lote kwa pamoja. Chembe nyekundu huishi siku 120 hivi, na kila siku za zamani zinaondoka, mpya zinaingia. Ni kama fundi anayebadilisha makuti machache kila siku, hivi kwamba wakati wowote paa lina kuti la jana lililo safi na kuti la miezi minne lililo jeusi tii. Moshi wa mwezi huu umeyagusa karibu makuti yote yaliyopo juu. Moshi wa miezi minne iliyopita uliyagusa yale machache ya zamani tu, na mengi yake yameshatupwa. Ndiyo maana tunaita kipimo cha miezi mitatu, lakini karibu nusu ya jibu inatokana na siku 30 za mwisho. Ukibadilika leo, mwezi mmoja mbele utaonekana sana na miezi mitatu mbele utaonekana wote.

Hapo ndipo ushauri wa jirani unapoporomoka. Siku tatu bila wanga ni siku tatu za moshi mchache chini ya paa la siku 120. Jibu litasogea kiasi ambacho hata maabara haitaweza kukitofautisha. Na anayemeza glibenklamidi kama mama yako akijinyima chakula siku tatu anaweza kuanguka kwa sukari kushuka kabla hajafika kliniki. Kwa HbA1c hakuna haja ya kufunga wala kujinyima. Kunywa chai yako, nenda.

Sasa tuligeuze jibu lako kuwa lugha ya kidole, ili saba zile mbili zikae kwenye mizani moja. Hesabu inayotumika ni hii:

```
wastani wa sukari (mmol/L) = 1.59 × HbA1c − 2.59
```

Weka 8.4 mahali pake, unapata 10.8. Maana yake, tukijumlisha mchana na usiku, kabla ya kula na baada ya kula, damu yako imekuwa na sukari ya wastani wa 10.8 kwa miezi hii. Lengo la asilimia 7 likigeuzwa hivyo hivyo ni wastani wa karibu 8.5. Na kama kweli sukari yako ingekuwa 7 kutwa kucha, HbA1c yako ingesoma karibu 6. Kila asilimia moja ni kama 1.6 ya kidoleni. Shika hilo tu, mengine yatajipanga.

Swali linalobaki ni zuri, na ni la haki: asubuhi 6.8, wastani 10.8, hizo nne zimetoka wapi? Majibu ni mawili, na kwako yote mawili yanawezekana. Ama zimo kwenye saa ambazo hujipimi, ama paa lenyewe lina kasoro. Tuanze na saa.

Saa 12 asubuhi ndiyo saa ambayo mtu wa kisukari aina ya pili amekaa muda mrefu kuliko wote bila kula. Kwa wengi wanaotumia metformini ndipo sukari inapokuwa chini kabisa, kwa kuwa dawa hii kazi yake kubwa ni kulizuia ini lisimwage sukari usiku. Lakini baada ya hapo inaingia chai ya maziwa yenye sukari na chapati mbili, mchana ugali au wali, jioni tena. Sukari inapanda, kabla haijashuka chakula kingine kinafika. Kipimo cha asubuhi hakijui lolote kuhusu hayo.

Ili uone, jipime kwa jozi. Jozi ni kipimo kimoja muda mfupi kabla ya mlo, na kingine saa mbili baada ya tonge la kwanza (la kwanza, si la mwisho). Vijiti vya kupimia vina bei, kwa hiyo usijichome mara sita kwa siku. Siku ya kwanza fanya jozi ya chai ya asubuhi, siku ya pili jozi ya mchana, siku ya tatu jozi ya jioni, kisha rudia. Siku sita, vijiti 12. Kula unavyokula siku zote, maana ukijibana wiki hiyo utakuwa umejidanganya mwenyewe. Nawa mikono kwa maji na sabuni, ukaushe. Mtu aliyemenya embe dakika kumi zilizopita anaweza kupata 14 iliyotoka kwenye ngozi ya kidole, si kwenye damu. Kando ya kila namba andika saa na ulichokula, na kiasi chake, hata kama ni "ugali ngumi mbili".

Tuseme jozi zako zimetoka hivi. Asubuhi kabla ya kula 6.8, saa mbili baada ya chai na chapati 12.7. Kabla ya chakula cha mchana 9.1, baadaye 13.6. Kabla ya chakula cha jioni 10.2, baadaye 12.4. Jumlisha zote sita, ni 64.8. Gawa kwa sita, unapata 10.8, ndiyo ileile ya maabara. Hesabu ya nyumbani haitoki sawasawa hivi kila mara, kwa sababu saa za usiku hazimo ndani yake. Ikipishana na ya maabara kwa moja au moja na nusu, wala usishtuke. Lakini picha ikifanana na hii, mashine ya maabara haina ubovu wowote. Imekuonyesha saa 18 ambazo kidole hakikuwahi kuulizwa.

Na hapo hapo inakuonyesha pa kushika. Saa mbili baada ya kula tunatafuta sukari iliyo chini ya 10. Katika mfano huu asubuhi inaruka kutoka 6.8 hadi 12.7, karibu sita, kwa chai na chapati mbili. Mchana na jioni kuruka ni kudogo zaidi, lakini kunaanzia juu. Kwa hiyo mlo wa kwanza wa kurekebisha ni chai ya asubuhi: chapati moja badala ya mbili, yai au maharage pembeni, na chai bila sukari. Pima jozi ileile baada ya siku mbili tatu. Ukiona imefika 9 au 10 badala ya 12.7, umejua chapati ya pili na sukari ya chai vilikugharimu kiasi gani, na mchana utaanzia chini vilevile. Kisha ndipo uende kwenye ugali. Kutembea dakika 15 baada ya mlo kunashusha mruko huo pia, na kunaonekana kwenye jozi siku hiyo hiyo.

Sasa kasoro ya paa, ambayo kwako hatuwezi kuipita juu juu. Hesabu yote ya HbA1c imejengwa juu ya chembe zinazoishi muda wake wa kawaida. Ukiwa na upungufu wa madini ya chuma, mwili unachelewa kutengeneza chembe mpya. Ni kama fundi amekosa makuti mapya, kwa hiyo juu ya jiko yanabaki ya zamani mengi kuliko kawaida, na paa linaonekana jeusi kuliko moshi uliopikwa. HbA1c inapanda wakati sukari haijapanda. Ulikuwa na damu pungufu miezi mitatu iliyopita na dawa hukumaliza, kwa hiyo inawezekana sehemu ya 8.4 yako imetoka huko. Kiasi gani, hakuna anayeweza kukutajia kwa barua. Jozi zako ndizo zitakazosema. Ukijipima siku sita na ukapata wastani wa 8.5, huku maabara ikidai 10.8, tofauti ni kubwa mno kuachwa hivi hivi. Mwonyeshe daktari kabla hajakuongezea dawa ya kisukari kwa sababu ya karatasi hiyo. Dawa ikiongezwa kufuata namba ambayo imepandishwa na damu pungufu, itakayoshuka ni sukari ambayo haikuwa juu.

Vyovyote itakavyokuwa, omba upimwe damu tena, wingi wa damu na ikiwezekana akiba ya madini ya chuma, na useme wazi kwamba vidonge uliviacha na kwa nini. Kufunga choo kunatibika. Zipo namna za kumeza siku moja na kuruka moja, na watu wengi huvumilia vizuri zaidi. Waulize pia damu inapotelea wapi, maana mama wa miaka 52 anaweza kuwa na hedhi nzito ya kuelekea kukoma, au kidonda cha tumbo kinachovuja polepole, na vyote vinahitaji kutafutwa. Na ujue kwamba ukianza kumeza chuma sawasawa, chembe mpya zitamiminika kwa wingi, paa litajaa makuti safi, na HbA1c itashuka hata kama chakula hujakigusa. Kipimo kikirudiwa katikati ya tiba hiyo, usiisifu sana 7.4 utakayoiona. Subiri damu ikae sawa kwanza.

Kinyume chake nacho kipo, na pwani yetu ni muhimu kukijua. Aliyeongezewa damu, aliyetoka kuugua malaria kali iliyokula damu, aliyevuja damu nyingi, mjamzito, na anayesafishwa damu kwa ajili ya figo, hao wote chembe zao ni changa au zimechanganyika na za mtu mwingine. Paa limeezekwa juzi. HbA1c yao inatoka nzuri wakati sukari ni mbaya, na huo ndio udanganyifu wa hatari zaidi kwa sababu unafurahisha. Mwenye ugonjwa wa selimundu asipimwe kisukari kwa njia hii kabisa, chembe zake hufa mapema mno. Mwenye kubeba kirithi kimoja tu cha selimundu, asiyeumwa, anaweza kupimwa, ila mashine nyingine hukosea kwa damu ya namna hiyo, kwa hiyo kama kuna selimundu katika ukoo wenu, itaje maabara wakati wa kutoa damu. Kwa watu wote hao jozi za kidoleni ndizo za kuaminiwa.

Tukishajua kwamba namba ni ya kweli, ndipo lengo linakuwa na maana. Kwa nini 7, si 6 wala 8? Jibu kubwa lilitoka Uingereza mwaka 1998, katika utafiti unaojulikana kama UKPDS. Watu waliogundulika karibuni kuwa na kisukari aina ya pili walifuatiliwa kwa takriban miaka kumi. Kundi moja lilikaa kwenye HbA1c ya 7.0, jingine 7.9. Pengo halikufika hata asilimia moja. Lakini madhara ya mishipa midogo, yaani yale yanayoharibu macho, figo na neva za miguu, yalipungua kwa robo katika kundi la 7.0. Hiyo ndiyo saba ya muuguzi. Ameandika namba ambayo chini yake, kwa mtu wa umri wako mwenye miaka mingi mbele, macho na figo vinadumu zaidi, na ambayo unaweza kuifikia bila kuangushwa na dawa.

Kwa hiyo usiichukulie kama ukuta wenye usalama upande huu na shimo upande ule. Hatari inapungua kidogo kidogo kadiri namba inavyoshuka. Kutoka 8.4 hadi 7.6 umeokoa mengi hata kama lengo hujaligusa, na kati ya 7.1 na 6.9 hakuna tofauti ambayo jicho lako litaihisi. Maabara yenyewe hupishana kidogo ikipima damu ileile mara mbili. Ukiona 8.4 imekuwa 8.2, usisherehekee bado, na ikiwa 8.6 usilie. Nusu asilimia au zaidi ndiyo tunaichukua kuwa mabadiliko ya kweli, na ni vizuri upime maabara ileile ili mashine iwe moja.

Kwenda chini sana nako kuna bei yake. Mwaka 2008 utafiti wa ACCORD, wa Marekani na Kanada, ulijaribu kuwashusha watu zaidi ya 10,000 wenye kisukari cha muda mrefu na hatari ya moyo, nusu yao wakisukumwa chini ya 6. Sehemu hiyo ya utafiti ilisimamishwa kabla ya wakati kwa sababu waliosukumwa ndio waliokufa zaidi. Tangu hapo hakuna daktari makini anayeshusha namba kwa ajili ya namba.

Ndipo tunamfikia mama yako mzazi. Faida ya kushuka kutoka 8 hadi 7 huonekana baada ya miaka mingi, kama ulivyoona, kumi hivi. Lakini glibenklamidi inasukuma kongosho litoe insulini hata kama mtu hajala, na kwa mzee ambaye figo zimechoka dawa inakaa mwilini muda mrefu. Madhara yake hayangoji miaka kumi. Yanaweza kuja alfajiri ya kesho: jasho jembamba, kutetemeka, maneno yasiyoeleweka, kisha anaanguka njiani kwenda msalani na kuvunjika nyonga. Kwake 8, yaani wastani wa karibu 10.1, inamwepusha na kukojoa ovyo, kiu na kukonda, na inamwachia nafasi ya kutosha chini asidondoke. Hawajamkatia tamaa. Wamempimia hatari iliyo karibu dhidi ya faida iliyo mbali, wakachagua sawasawa.

Zaidi ya hapo, kama siku moja karatasi yake ikiandika 6.3, wewe uliye naye nyumbani usishangilie. Kwa mama wa miaka 79 anayetumia dawa ile, 6.3 ni sababu ya kumwuliza daktari kama kipimo cha dawa kipunguzwe. Na hata 8 yake safi haitoshi kukutuliza, kwa sababu ni wastani, na wastani unaficha. Mtu mwenye 4 usiku na 16 mchana anatoa wastani wa 10, sawa na aliyekaa 10 kutwa nzima. Akiamka ameloa jasho au anaongea ovyo, mpime hapo hapo. Ikiwa chini ya 3.9 na anaweza kumeza, mpe vijiko vya chai vitatu au vinne vya sukari kwenye maji nusu glasi, pima tena baada ya dakika 15, urudie ikiwa bado iko chini, kisha ale chakula. Kama hawezi kumeza usimmiminie kitu mdomoni, mpelekeni hospitali. Na hata akizinduka vizuri, sukari iliyoshuka kwa glibenklamidi hurudi kushuka saa kadhaa baadaye, kwa hiyo asiachwe peke yake siku hiyo, na daktari aambiwe.

Wewe, rudi kliniki ukiwa na vitu vitatu: karatasi ya 8.4, daftari lenye jozi za siku sita, na habari ya vidonge vya chuma. Kama jozi zinakubaliana na maabara, daktari ana nafasi ya kupandisha metformini. Sasa unameza miligramu 1,000 kwa siku, na wengi hufikishwa 2,000 polepole, ikiwa kipimo cha figo kinaruhusu. Usijiongezee mwenyewe, kwa sababu hicho cha figo hukijui, na ukiipandisha ghafla tumbo litakuendesha hadi uiache. Kama jozi hazikubaliani na maabara, damu itibiwe kwanza na maamuzi ya sukari yafuate kidole.

HbA1c irudiwe miezi mitatu baada ya mabadiliko, iwe ni ya dawa au ya chakula. Wiki mbili ni mapema mno, paa bado ni lilelile. Ikishakaa chini ya lengo na ikatulia, mara moja kila miezi sita inatosha. Katikati ya vipimo hivyo, kile kijiti cha asubuhi unachotumia kila siku kihamishie saa nyingine: siku tatu za wiki pima asubuhi, siku nyingine pima saa mbili baada ya mlo, leo chai, kesho kutwa ugali. Gharama haitaongezeka hata shilingi.